Mti wa herufi au orodha ya kawaida: kipi kitafaa kutafutia majina ya kanga?

Bi_Leso:
Asalaam alaikum, ndugu zangu. Nina duka la kanga katika Barabara ya Biashara, hapa Mombasa, na ninataka mteja aliye nyumbani aweze kuandika herufi mbili tatu za jina la kanga kwenye simu yake, kisha apendekezewe majina yanayoendelea kutoka hapo. Vijana wawili wameniletea makadirio ya bei. Wa kwanza anasema atajenga kitu anachokiita trai, yaani mti wa herufi, na anataka karibu maradufu ya bei ya mwenzake. Wa pili anasema hifadhidata niliyo nayo dukani inatosha. Ninatakiwa kumjibu mmoja wao kabla ya Ijumaa. Nimchague yupi?

Fundi_Kisauni:
Wa alaikum salaam, Bi. Hujatueleza mambo matatu, na bila hayo kila jibu litakuwa la kubahatisha. Majina ni mangapi? Mapendekezo yatatoka ndani ya simu ya mteja au kwenye seva? Na la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa: mteja hukumbuka mwanzo wa jina, au hukumbuka neno la katikati?

Kijana_wa_Likoni:
Mimi nisingesubiri majibu hayo, kwa sababu trai hushinda daima. Chukua majina matatu: «Mwana umleavyo ndivyo akuavyo», «Mwenda pole hajikwai» na «Mwenye pupa hadiriki kula tamu». Tazama maneno ya kwanza peke yake. Shina linatoa tawi la m, na m inatoa w, na hadi hapo majina yote matatu yanatembea njia moja. Baada ya w njia inagawanyika: upande mmoja unaenda a, n, a, nalo neno «mwana» limekamilika, upande wa pili unaenda e, kisha n, na hapo unagawanyika tena, d na a kwa «mwenda», y na e kwa «mwenye». Mteja akiandika «mwen», programu inashuka hatua nne tu, na yote yaliyo chini ya hapo ndiyo mapendekezo. Haijali kama duka lina majina mia moja au milioni moja. Isitoshe, mti unaokoa nafasi: maneno hayo yana herufi 17, lakini mti una nodi 11 tu, yaani vituo vya herufi, ukiacha shina.

Baharia_Mstaafu:
Simu yangu tayari ina kitu hiki na kinanisumbua. Nikiandika «shikamoo» hunibadilishia kuwa neno la Kiingereza. Bi Leso, usiingie katika balaa hilo.

Fundi_Kisauni:
Ami, hilo ni jambo jingine. Kibodi yako inalirekebisha neno ulilokwisha kuandika kwa kukisia kwamba umekosea, ilhali Bi anataka orodha fupi itokee chini ya kisanduku, na mteja achague mwenyewe au aipuuze.

Kijana, maelezo yako ya kushuka matawini ni sahihi na nimeyapenda, ila hesabu yako ya nafasi imesimama kwa mguu mmoja. Umehesabu nodi kana kwamba nodi ni herufi. Katika ujenzi unaofundishwa kwa wanaoanza, kila nodi hubeba vielekezi 26, kimoja kwa kila herufi inayoweza kufuata, na kila kielekezi huchukua baiti 8. Hizo ni baiti 208 kwa nodi moja, na nodi zako 11 zitachukua baiti 2,288 ili kuhifadhi maneno ambayo yakiandikwa yalivyo yanachukua baiti 17. Vielekezi vingi kati ya hivyo ni vitupu, kwa maana baada ya «mw» hakuna atakayeandika q. Anayejenga vizuri huweka matawi yaliyopo tu, na pale njia isipogawanyika huunganisha herufi kadhaa ziwe nodi moja, lakini hata hivyo kwa kawaida mti hauwi mwepesi kuliko orodha.

Bi_Leso:
Samahani kwa kuacha hayo. Majina ni kama 2,400, nayo yatakaa kwenye seva. Kuhusu swali la tatu, nimecheka kidogo, kwa kuwa wateja wangu karibu wote hukumbuka kipande. Atakuja mtu aseme, «Nataka ile ya nyota ya mwenzio,» na mimi ninajua kwamba anataka «Usisafirie nyota ya mwenzio». Wachache sana huanza na «usisafirie».

Fundi_Kisauni:
Basi jibu hilo limelibadilisha swali. Mti uliojengwa kwa mwanzo wa jina pekee hautamwona mteja huyo kamwe, kwa sababu akiandika «nyota» programu itashuka tawi la n, wakati jina lako limekaa kwenye tawi la u. Dawa yake ni kuliingiza kila jina mara kadhaa, kuanzia kila neno lake: «usisafirie nyota ya mwenzio», «nyota ya mwenzio», «mwenzio», zote zikielekeza kwenye kanga ile ile. Neno kama «ya» linaweza kurukwa. Tukikadiria viingilio vinne kwa jina, utakuwa navyo 9,600 hivi.

Kwa wingi huo, orodha iliyopangwa kialfabeti ikitafutwa kwa kukatwa nusu kwa nusu hufika mahali panapotakiwa kwa ulinganisho usiozidi 14, na majina yote yanayoanza na «nyota» yatakuwa yamepangana hapo hapo. Mteja hataihisi tofauti kati yake na mti. Kuhusu kijana wa hifadhidata, muulize ataandika lipi kati ya haya mawili:

```sql
WHERE jina LIKE 'nyota%'
WHERE jina LIKE '%nyota%'
```

La kwanza hutafuta majina yanayoanza na «nyota», nalo linaweza kutumia faharasa, yaani orodha ya majina ambayo hifadhidata imekwisha kuipanga, lakini litaikosa kanga ya «usisafirie». La pili hutafuta «nyota» popote ndani ya jina na litaipata, ila husoma safu zote 2,400 kila mteja anapobonyeza herufi. Kwa duka moja si neno, lakini pia litaokota «nyota» hata ikiwa imefichika ndani ya neno jingine.

Mwalimu_Tudor:
Naomba niseme yaliyonipata, maana hapa mnabishania kasi ya kutafuta, na mimi sikuangushwa na kutafuta. Nilimjengea jamaa mwenye duka la vipuri vya magari mti mzuri kabisa, na nilipoujaribu kwenye kompyuta yangu ulijibu papo hapo. Tulipoufungua kwa wateja, malalamiko yakaanza siku ile ile. Mtu anaandika «bre» akitafuta breki, na chini yake yanatokea majina ya beringi na betri. Nikakagua mti usiku kucha nikidhani nimeunganisha tawi vibaya, na kila nilipojaribu mwenyewe ulitoa majibu sahihi.

Siku ya tatu ndipo niliposimama nyuma ya mteja na kuitazama simu yake, nikagundua kwamba makosa hutokea mtandao ukiwa mzito. Alipobonyeza b, ombi la kwanza lilikwenda kwenye seva, na mti wangu ukawa unakusanya kila kitu kilicho chini ya b, mamia ya vipuri, kisha unavipanga kwa mauzo. Wakati huo ombi la «bre» lilikuwa limekwisha kujibiwa, kwa kuwa tawi lake ni dogo. Jibu la b likafika limechelewa na kulifunika jibu zuri. Herufi ya kwanza ndiyo iliyo nzito kuliko zote, jambo ambalo sikulifikiria. Nilifanya marekebisho matatu: programu isubiri milisekunde 200 baada ya herufi ya mwisho kabla ya kuuliza, jibu lisilolingana na kilichomo kwenye kisanduku kwa wakati huo litupwe, na kila nodi ihifadhi tayari majina yake matano bora, ili b isilazimike kutembelea tawi zima.

Nafuu hiyo ya tatu nayo ilinitoza gharama yake. Majina matano yalikuwa yakichaguliwa usiku, basi kufikia adhuhuri tulikuwa tunapendekeza vipuri vilivyokwisha.

Kijana_wa_Likoni:
Mwalimu, hilo la majina matano ndilo linalonifanya nibaki na trai. Katika orodha iliyopangwa huna pa kuyaweka, ila kwenye mti kila nodi ni mahali. Na kanga zinahitaji hilo zaidi ya vipuri, kwa sababu methali zetu zimejazana kwenye matawi machache: m, w, u na h. Anayeandika «m» peke yake hajakuambia lolote.

Fundi_Kisauni:
Hapo ninakubaliana nawe kabisa. Kanga ikiisha, si lazima kujenga upya mti wote. Unapanda kutoka mwisho wa jina hadi kwenye shina na kuzirekebisha nodi za njia hiyo tu, ukirudia kwa kila kiingilio cha jina hilo.

Mwana_wa_Mvita:
Mmesahau kwamba tuko Mombasa. Nyanya yangu hasemi «Njia ya mwongo ni fupi», husema «Ndia ya mwongo ni fupi», na ndivyo atakavyoandika. Kwenye mti wenu atapotea herufi ya pili tu.

Kijana_wa_Likoni:
Rahisi sana. Geuza kila «nd» iwe «nj», kwenye mti na kwenye kisanduku pia.

Mwana_wa_Mvita:
Basi anayetafuta «ndugu» atafunguliwa njugu! Na kwa nini Kimvita ndicho kigeuzwe? Kigeuzeni hicho chenu.

Fundi_Kisauni:
Tusigombane. Kiingilio cha ziada kinatosha: «ndia ya mwongo ni fupi» iongezwe kando ya «njia», na zote mbili zifungue kanga moja yenye jina kama lilivyochapwa kwenye kitambaa. Ila haya hayafanyiki kwa kanuni, lazima mtu aliyekulia na lugha akae aandike.

Mwana_wa_Mvita:
Nyanya yupo, ana wakati. Lakini bado nasema kwamba kuliita la kwetu «la ziada» ni dharau.

Bi_Leso:
Nimewauliza vijana wangu. Yule wa mti hakuwa amefikiria maneno ya katikati, na amesema atayaongeza bila kupandisha bei. Yule wa hifadhidata amekiri kwamba angeandika lile la pili lenye alama pande zote mbili, na ameuliza kama kweli nitakuwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Sikuwa na jibu.

Baharia_Mstaafu:
Na mimi nina swali ambalo safari hii linahusu. Ile «Ng'ombe haelemewi na nunduye», mti unaihesabu ile alama ya juu kuwa herufi? Simu yangu huiweka imepinda, na ya mke wangu huiweka imenyooka.

Fundi_Kisauni:
Ami, umetupita sote. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, kwa hiyo ni matawi mawili. Iondolewe pande zote kabla ya kutafuta, ingawa «ng'o» na «ngo» zitakuwa kitu kimoja. Bi, hebu tazama jinsi karani wako alivyoiandika.

Bi_Leso:
Nimetazama sasa hivi. Iko mara tatu: moja ina alama iliyonyooka, moja ina iliyopinda, na ya tatu haina alama yoyote, na zote tatu zimehesabiwa kuwa kanga tofauti. Basi hata hizo 2,400 nilizowaambia si 2,400.