Mafuta ya kikundi: dumu la nyekundu, dumu la njano au chupa ndogo?

Mama Subira
Habari zenu wapendwa. Jumamosi nimepewa dakika kumi kwenye kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, niwaoneshe akina mama namna ya kulinganisha bei za chapa na vifungashio tofauti. Nitatumia mafuta ya kupikia kwa sababu siku hiyohiyo tunaamua tununue yapi kwa pamoja tugawane. Dumu la chapa nyekundu ni 1,500. Dumu la chapa ya njano ni 1,440. Kuna na chupa ndogo za hiyo nyekundu, 290 kila moja. Mimi naona njano ndiyo nafuu, mwenyekiti anang'ang'ania nyekundu. Niwaambie nini?

Kaka Mizani
Dada, umeleta bei ukaacha kiasi. Hayo madumu yana nini ndani? Usiyapime kwa macho, madumu mawili yanaweza kulingana kwa urefu na yasilingane kwa kilichomo. Soma maandishi ya kwenye lebo utuandikie kama yalivyo, namba na kipimo chake.

Bi Hawa
Mimi njano siitaki hata ya bure. Ukiitia kwenye kikaango inatoa povu mpaka huoni unachokaanga. Chukueni nyekundu mlale usingizi.

Mama Subira
Bi Hawa nimekusikia, ila hapa nauliza bei. Nimekwenda kusoma. Dumu jekundu limeandikwa lita 5. La njano limeandikwa kilo 4.5. Chupa ndogo ni lita 1.

Tumaini K
Basi ni rahisi hiyo. Gawa kiasi kwa bei uone kila shilingi inakupa nini. Nyekundu 5,000 gawa kwa 1,500 unapata 3.33. Njano 4,500 gawa kwa 1,440 unapata 3.125. Nyekundu inakupa zaidi, mwenyekiti ameshinda. Funga mada.

Kaka Mizani
Usiifunge kwanza, Tumaini. Njia yako ya kugawa haina kasoro. Tatizo ni kwamba 3.33 yako ni mililita na 3.125 ni gramu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina gramu 920 hivi, haifiki kilo.

Kwa hiyo dumu la lita 5 lina kilo 4.6 za mafuta. Gawa 1,500 kwa 4.6, kilo moja inakuja 326. Njano ni 1,440 gawa kwa 4.5, kilo moja 320. Njano ndiyo nafuu kuliko dumu jekundu, ingawa ukiziangalia juu juu unaona 300 kwa lita na 320 kwa kilo, ukadhani ni kinyume.

Sasa tazama chupa ndogo ambazo hakuna aliyezigusa. 290 gawa kwa 0.92 ni 315 kwa kilo. Chupa tano ni 1,450 na zina mafuta yaleyale ya dumu la 1,500.

Tumaini K
Hapo kwenye lita na kilo nakubali. Lakini dumu kubwa kuwa ghali kuliko chupa za chapa ileile? Haiwezekani, labda bei ya chupa ni ya ofa ya wiki hii.

Kaka Mizani
Inaweza kuwa ofa, na inaweza kuwa muuzaji anajua watu wanachukua kubwa bila kupiga hesabu. Kwa siku ya kununua, sababu haibadilishi jibu. Inabadilisha kama kikundi kinapanga kununua hivyo kila mwezi.

Mwalimu Mstaafu
Mama Subira, nikuongezee la ufundishaji. Usiwaambie bei ya gramu moja. Hapo utapata 0.32 na 0.326, na nusu ya kikao watakuwa wamekuacha kwenye nukta. Tafuta bei ya kilo moja, namba wanazozijua tangu sokoni.

Ukiwa na pakiti ya gramu, gawa bei kwa gramu kisha zidisha kwa 1,000. Vipeleke vitu vyenyewe, viweke mezani, waache wakisie kwanza ipi nafuu, ndipo watoe simu wapige wenyewe. Anza na viwili vilivyoandikwa gramu vyote, sabuni ya unga kwa mfano. Mafuta yaje mwisho, maana yana mtego wa lita na kilo, na dakika kumi ni chache.

Mweka Hazina
Ngojeni niwape yaliyotukuta sisi, maana hesabu peke yake haikutosha. Tulikuwa na sabuni ya unga tuliyoizoea, pakiti ya kilo moja kwa 180. Bei naiandika kwenye daftari kila tunaponunua. Msimu mmoja nikaenda, bei 180 ileile, pakiti ileile, rangi ileile, nikafurahi haijapanda. Tulivyokuja kugawana kwa kupima, kwa sababu wengine huchukua nusu, sabuni ikaisha kabla ya watu. Maneno yakaanza: nani kapunja, mizani ya nani, mbona fulani kachukua ya kumwaga. Wanachama wawili hawakusalimiana mwezi mzima.

Baadaye binti mmoja akageuza pakiti tupu, akasoma gramu 900. Kumbe kilo ilikuwa imepanda kutoka 180 hadi 200 na daftari langu halina habari, kwa vile lina safu ya bei tu. Sasa nina safu ya uzito, na nasoma pakiti hata kama naijua.

Bi Hawa
Hao wawili walipatana?

Mweka Hazina
Mmoja alihama kikundi. Tuyaache.

Shemeji Juma
Mimi naona mnahangaika bure. Hiyo pesa ya kikundi mkikopeshana kwa riba si inazaa? Mnaiweka kwenye mafuta ya nini?

Mama Subira
Shemeji, pesa ya mafuta kila mtu anachanga siku hiyo, haitoki sandukuni.

Mweka Hazina
Ila kuna anayekopa ili achange. Kama riba yenu ni asilimia 10 kwa mwezi, akikopa 1,450 anarudisha 1,595 baada ya mwezi. Nafuu ya 50 kwenye dumu haioni hata mlango. Huyo mwambie anunue chupa moja moja.

Tumaini K
Na lile dumu linapimwa pamoja na plastiki? Nina wasiwasi na hizo kilo 4.5.

Kaka Mizani
Kilo ya kwenye lebo inatakiwa iwe ya mafuta bila dumu. Ukitaka kuhakiki, pima likiwa limejaa na ulipime tena likiisha kabisa, tofauti ndiyo mafuta. Likijaa likasoma 4.5 kamili, ujue hapo mmelipia plastiki.

Bi Hawa
Na povu lina uzito gani? Natania. Lakini kweli, mafuta yakitoa povu unayamwaga mapema. Hesabu zenu haziyaoni yanayomwagwa.

Mwalimu Mstaafu
Bi Hawa hapo ana hoja. Kati ya 315 na 320 pengo ni dogo mno, matumizi yanaweza kulimeza.

Mama Subira
Nimepita tena dukani jioni hii. Chupa ndogo zimebaki tatu na muuzaji hajui kama nyingine zitakuja kwa bei hiyo. Sabuni nimepata pakiti mbili za kuanzia, ya gramu 400 na ya gramu 900. Mwenyekiti bado yuko na dumu jekundu.

Tumaini K
Bei za sabuni? Umeziacha tena, dada.