Tupeane uzoefu: ule ujumbe unaosindikiza ankara, unauandikaje mteja aelewe na alipe kwa wakati?

Mpigapicha wa Mkomani

Assalaam aleikum jamaa. Mimi napiga picha na kuandika maneno ya tovuti za nyumba za wageni, hapa Lamu mjini na Shela. Ankara yenyewe nimeshaizoea. Kilichonitesa ni yale maneno machache yanayotangulia kwenye WhatsApp au barua pepe. Naweka wa zamani na wa sasa, na nyinyi mlete yaliyowapata.

Mwaka jana nilimpelekea meneja mmoja hivi:

"Assalaam aleikum Bwana, natumai hujambo na familia haijambo. Nimeambatisha ankara ya kazi ya picha. Jumla ni 50,000 ambayo dipoziti 20,000 ulishalipa. Malipo ni ndani ya siku 14. Ukichelewa kutakuwa na faini ya 2% kwa mwezi. Ahsante."

Niliona nimesema yote. Akanipigia simu kuuliza mbona namdai 50,000 na dipoziti alishatoa. Tukamaliza hilo, akauliza siku 14 zinahesabiwa tangu lini, maana ujumbe aliufungua siku ya tano akiwa Mombasa. Kisha akataka picha nyingine za darini, akidhani zimo. Mwisho likamkaa rohoni lile neno faini. "Kwani mimi nimefanya kosa gani hata unitoze faini?" Na haki alikuwa nayo, kwa sababu kwenye makubaliano yetu ya mwanzo hatukuandika habari ya kuchelewa. Aliisoma mara ya kwanza siku ya kudaiwa. Alilipa siku ya 31, na hiyo 2% sikuithubutu kuidai.

Kazi iliyofuata, ya nyumba nyingine, nilianza na makubaliano ya ukurasa mmoja, na mambo ya kuchelewa nikayatia humo kabla sijashika kamera. Ankara ilipotoka niliisindikiza hivi:

"Assalaam aleikum Bwana. Baki la kazi ya picha na tovuti ni shilingi 51,000, nami naomba lilipwe kufikia mwisho wa Alhamisi tarehe 18 Septemba. Ankara nambari 027 iko hapa chini.

Kazi yenyewe ni picha 40 za vyumba, ua na darini, pamoja na maneno ya kurasa 6 za tovuti, na vyote nilivikabidhi tarehe 2 Septemba. Jumla yake ni 85,000. Dipoziti ya 34,000 niliipokea tarehe 11 Agosti, ndipo likabaki hilo 51,000. Picha za ziada hazimo katika hesabu hii, zikihitajika tutapatana kivyake.

Kama tulivyoandikiana Agosti, baki likivuka tarehe 18 huongezeka shilingi 510 kwa kila wiki kamili. Ukiona kitu hakijakaa sawa kwenye ankara, niambie kufikia Jumatatu tarehe 8 nikirekebishe, ili tarehe ya malipo ibaki pale pale."

Kiasi na tarehe nimevitoa chini nikavipandisha juu, kwa sababu simu ikilia mteja huona mistari miwili tu kabla hajafungua. Ule wa zamani ulimwonyesha salamu na neno "nimeambatisha". Alhamisi nimeichagua kwa kuwa Ijumaa watu wakishaelekea msikitini, mwenye kutia sahihi humpati tena mpaka Jumatatu. Na ile 510 ni 1% ya baki. Nimeiandika kwa shilingi kwa sababu asilimia ya mwezi haimwambii mtu aliyechelewa siku kumi anadaiwa ngapi, na hapo ndipo ubishi huanzia.

Alilipa tarehe 17. Nanyi je?

Fundi Tovuti, Malindi

Kaka, umeandika vizuri lakini umelainisha mno. Hilo "naomba" litoe. Unadai haki yako, huombi sadaka. Mimi huandika "LIPA KABLA YA TAREHE 18" kwa herufi kubwa, na chini ya ankara naweka 10% kila mwezi. Ikishaandikwa kwenye ankara imeandikwa, mteja hana la kusema. Wateja wangu wa huku, wenye mahoteli, wakiona herufi kubwa hukimbia. Kitu kimoja nakubaliana nawe: kutaja tarehe badala ya "siku 14". Hiyo nilijifunza kwa machungu.

Bi Mwana, Langoni

Wanangu, mimi nafanya tafsiri tangu ankara zinapelekwa kwa mkono. Fundi, kuhusu tarehe umesema kweli, lakini angalia maneno yako mwenyewe: "kabla ya tarehe 18" maana yake tarehe 18 yenyewe haimo. Mteja akilipa siku hiyo saa nne asubuhi, amechelewa au hakuchelewa? Wewe utasema hivi naye vile. "Kufikia mwisho wa Alhamisi tarehe 18" haina mlango wa kubishania. Wala "naomba" halikupunguzii nguvu. Huku kwetu mtu huombwa hata deni lake, na hulipa. Kinachokosa nguvu ni tarehe isiyojulikana.

Hiyo 10% ndiyo naiona si salama. Kwanza, jambo lililoingizwa kwenye ankara baada ya kazi kukamilika si makubaliano, ni tamko la upande mmoja. Mteja anaweza kusema hakulikubali na asiwe amekudhulumu. Pili, hata mkiwa mmekubaliana, mahakama huangalia kama kiasi kinafidia hasara ya kucheleweshewa au kimewekwa kumwadhibu mtu. Cha kuadhibu huweza kukataliwa. Ile 1% kwa wiki ya mwenzetu nayo si ndogo ukiihesabu kwa mwaka, kwa hiyo ningeiwekea kikomo, tuseme wiki nne, yaani isizidi 2,040. Na kikomo hicho kiwe ndani ya makubaliano, kisiwe ndani ya ujumbe peke yake.

Sasa langu. Kuna ofisi moja niliifanyia tafsiri ya 60,000. Tarehe ikafika, zikaingia 57,000. Nikahamaki, nikaandika ujumbe mkali kwamba wamepunguza 3,000 na ada ya kuchelewa inaanza leo. Mhasibu wao, kijana wa heshima sana, akanijibu kwa upole: "Bi, hiyo ni kodi ya zuio, 5%, tumeipeleka KRA kwa PIN yako, cheti utakiona iTax." Nikaingia nikakikuta. Niliomba radhi, lakini kazi yao ya pili sikuipata. Tangu hapo ujumbe wangu hausahau sentensi hii: "Mkikata kodi ya zuio, nijulisheni kiasi, nacho nitakihesabu kuwa kimelipwa." Inaeleza kabla kwamba kupungukiwa kwa namna hiyo hakumfanyi mteja kuwa mdaiwa.

Halwa na Kahawa

Samahanini, mimi nimekwama kwenye eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA. Mteja amekataa ankara yangu ya Word, anataka ya eTIMS. Je, huu ujumbe mnaousema ndio unaingizwa kule?

Bi Mwana, Langoni

La, mwanangu, hivyo ni vitu viwili. Ankara ya eTIMS ndiyo hati ya kodi. Mteja wako anaitaka kwa sababu tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi kupunguza kodi yake ya mapato. Huo ujumbe ni maneno ya kuisindikiza tu. Lakini umenikumbusha jambo: nambari na kiasi vya kwenye ujumbe viwe vile vile vya kwenye ankara ya eTIMS. Ukiandika 027 kwenye ujumbe na eTIMS imetoa nambari nyingine, mhasibu ataiweka pembeni akikusubiri, na siku zinakatika.

Nahodha Mstaafu

Mimi si mtu wa kompyuta. Nina mashua, nachukua wageni Manda Toto na Takwa, na nyumba za wageni hunilipa mwisho wa mwezi. Ankara yangu ni karatasi, binti yangu huipiga picha akaituma. Nawauliza hivi: mnawezaje kumwandikia ada ya kuchelewa mtu ambaye kesho mtakutana gatini, na mkewe ni mpwa wa shemeji yako? Kuna mwenye nyumba mmoja hunilipa nje ya wakati kila miezi ya kusi, Mei na Juni, kwa sababu vyumba ni vitupu. Namjua. Nikimwandikia hiyo 510, nitapata 510 na kumpoteza yeye.

Fundi Tovuti, Malindi

Nahodha, ndiyo maana nasema iandikwe kwa kila mtu, ndugu na asiye ndugu. Ukimwandikia mmoja na kumwacha mwingine, yule wa kwanza akisikia ataona umemdharau. Ila kwenye 10% nimemsikia Bi Mwana. Nina mteja mmoja alinigomea hiyo hiyo, nikadhani ni mkorofi.

Bi Mwana, Langoni

Hapa mimi na Fundi hatuafikiani. Kwa mtu wa kusi kama huyo wa Nahodha, ningebadilisha tarehe ya kulipa badala ya kuongeza ada. Kazi za Mei na Juni mkubaliane mapema zilipwe tarehe 20 Agosti, wageni wakiwa wamerudi, na ujumbe utaje tarehe hiyo. Sentensi ya ada kwenye ujumbe wa kwanza mimi huiacha kabisa kwa wateja wa zamani. Inakaa kwenye makubaliano, na naitaja kwenye ukumbusho tu, tarehe ikishapita.

Mpigapicha wa Mkomani

Bi Mwana, hapo sijakufuata bado. Nikiitaja baada ya tarehe kupita, si narudi pale pale pa meneja wangu wa kwanza, kusoma jambo siku ya kudaiwa?

Bi Mwana, Langoni

Yule hakuwa na makubaliano. Wangu anayo na sahihi yake ipo. Lakini nakubali, kwa mteja mpya ningeiandika kama ulivyoandika wewe.

Nahodha Mstaafu

Ya Agosti nimeipenda. Nitamwambia binti aandike "kufikia mwisho wa tarehe 20 Agosti". Ada siiandiki.

Mpigapicha wa Mkomani

Shukrani, Bi Mwana. Kodi ya zuio sikuifikiria kabisa, na mteja wangu anayefuata ni kampuni, kwa bei ile ile na dipoziti ile ile. Kwa baki la 51,000, 5% ni 2,550, kwa hiyo zikiingia 48,450 sitapiga kelele. Nimeibadilisha aya ya mwisho iwe hivi, na kikomo nimekitia kwenye makubaliano mapya pia:

"Kama tulivyoandikiana, baki likivuka tarehe hiyo huongezeka shilingi 510 kwa kila wiki kamili, na nyongeza yote haizidi shilingi 2,040. Mkikata kodi ya zuio, nijulisheni kiasi, nacho nitakihesabu kuwa kimelipwa."

Swali moja limebaki: dipoziti nayo ilipaswa kukatwa zuio siku ile ilipolipwa, au kampuni itakata yote kwenye baki? Wakikata 5% ya 85,000 yote, ni 4,250, na mimi nitakuwa nimeshasema 2,550.

Bi Mwana, Langoni

Zuio hukatwa malipo yanapofanyika, kwa hiyo la dipoziti lilikuwa likatwe siku ile. Lakini nimewahi kuona wahasibu wakilisahau kisha wakalikusanya mwishoni. Muulize mhasibu kabla hujatuma, na kwenye ujumbe usitaje 2,550. Acha "kiasi" kama ulivyoandika.