Kumlaza mtoto: kumcheki kwa dakika, au kumwacha alie mpaka alale?

MamaZuhura
Habari zenu wapendwa. Niko Mtwara mjini, narudi kazini mwezi ujao na mtoto hanilalii. Kila akishtuka usiku lazima anyonye ndipo asinzie tena. Nimesikia njia mbili. Moja unamlaza akiwa macho, unatoka, unarudi kumtazama baada ya dakika kadhaa. Nyingine unatoka na hurudi kabisa mpaka asubuhi. Ipi haina madhara? Naogopa kumtia msongo, naogopa asije akanichukia.

Binti_Mikindani
Dada, umri wake? Analala wapi, na nani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Korosho_Masasi
Usithubutu hata moja. Kuna utafiti walipima homoni ya msongo, kotisoli. Watoto waliacha kulia lakini homoni ikabaki juu. Mtoto hajatulia, amekata tamaa. Ubongo unaharibika.

BiMwanaisha
Mwanangu, usimwachishe ziwa mapema. Sisi tulinyonyesha miaka miwili na watoto wote wako salama.

Binti_Mikindani
Shikamoo bibi. Haachishi ziwa, anataka alale bila kushikwa.

Nesi_Lindi
Kaka Korosho, utafiti huo upo, ni wa New Zealand, 2012. Watoto 25 wa miezi 4 hadi 10, wamelazwa kituoni, na waliowaweka kitandani ni manesi, si mama zao. Njia yao ilikuwa ile ya kutorudi. Siku ya tatu watoto hawakulia, kotisoli yao ikawa ileile ya siku ya kwanza, ya mama ikashuka. Lakini hawakuwapima kwanza wakiwa nyumbani kwao, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kwa hiyo huwezi kusema ilikuwa juu kuliko kawaida yao. Ubongo hawakuupima kabisa.

Wengi humjibu mtu kwa utafiti wa Australia wa 2016: watoto 43 wa miezi 6 hadi 16, nyumbani kwao, mate yakapimwa. Kotisoli haikupanda. Baada ya mwaka mmoja wakaangalia mfungamano, yaani mama anatoka kidogo, kisha wanatazama mtoto anavyompokea akirudi. Hawakuona tofauti na wale ambao wazazi wao walipewa elimu ya usingizi tu. Ila huko kundi moja lilifundishwa kwa kucheki, jingine kwa kucheleweshwa kulala, hakuna la kutorudi, na ni wachache. Mnabishana kwa tafiti mbili zilizopima njia mbili tofauti.

Korosho_Masasi
Sawa, ubongo nimezidisha. Ila umekubali kwamba ile ya kutorudi haijasafishwa.

Nesi_Lindi
Kwa huo, ndiyo. Uingereza, 2020, walifuatilia watoto 178, na waliokuwa wakiachwa walie hawakuwa na mfungamano mbaya wakiwa na miezi 18. Lakini pale wazazi walijichagulia wenyewe cha kufanya, hakuna aliyepangiwa.

BabaTatu
Mimi nawaambia yaliyonikuta. Wa pili wangu alikuwa na miezi tisa, tukaamua kutorudi. Usiku wa kwanza dakika arobaini. Wa pili ishirini, tukafurahi. Wa tatu akalia zaidi ya saa. Mke wangu anataka kuingia, mimi nikamshika mkono, nikasema nimeambiwa siku ya tatu kilio hupanda kabla ya kuisha. Asubuhi tunakuta usaha umetoka sikioni, shuka limelowa. Mtoto alikuwa na maumivu na mimi nimesimama mlangoni. Sitarudia kutoingia.

Nesi_Lindi
Pole sana kaka. Ni kweli kilio huweza kupanda ghafla, na ndiyo sababu njia ya kutorudi inaficha ugonjwa. Anayecheki anaingia, anagusa paji la uso, anaona chandarua kimekaa vizuri, anatoka bila kumnyanyua. Usiku wa kwanza baada ya dakika 3, halafu 5, halafu 10. Usiku wa pili anaanza na 5. Mwenye homa hafundishwi, anapelekwa kupimwa malaria.

MamaZuhura
Samahani nilikuwa jikoni. Ana miezi saba. Tunalala chumba kimoja, yeye, mimi na baba yake, chandarua kimoja.

Binti_Mikindani
Sasa utatoka uende wapi dada?

Korosho_Masasi
Ndiyo hapo. Tafiti hizo zote ni za Wazungu huko mbali, si za kwetu.

Binti_Mikindani
Lakini mfungamano wenyewe mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuuchunguza kwa akina mama wa Uganda miaka ya 1950, si Ulaya.

Nesi_Lindi
MamaZuhura, kwa chumba kimoja ningeanza na kiti karibu naye: hatoki mtu, mkono unampapasa, kila siku chache kiti kinasogea. Inachukua muda zaidi. Na kwa miezi saba bado anaweza kuhitaji kunyonya usiku, usikate yote.

MamaZuhura
Mama mkwe anasema akilia tu majirani watadhani tunampiga.

BabaTatu
Kuna fundi kule Chikongola anatengeneza vitanda vya watoto vyenye fito za kutundikia chandarua. Mkipime kwanza chumba.

MamaZuhura
Chumba futi kumi kwa kumi. Kitanda chake kitaingia kweli?