UZI WA MALALAMIKO: Acheni kuita kila kitu "tovuti", wakulima wetu wanaibiwa kwa neno hilo

Uyole_Shambani (mwanzisha uzi):
Wadau, nimekasirika na sitaficha. Msimu wa kupanda umekaribia, na makundi ya WhatsApp kuanzia Mbalizi hadi Makambako yamejaa tangazo moja: DAP ya ruzuku, mfuko 45,000, "jisajili kwenye tovuti rasmi". Ukibonyeza hiyo tovuti unatua Facebook. Wanaosambaza ni viongozi wa makundi wenyewe, na mkulima akiuliza anajibiwa, "Tovuti yao ina wafuasi 38,000, unataka nini tena?"

Tovuti haina wafuasi! Wenye wafuasi ni peji. Peji ni meza ndani ya soko la mtu mwingine. Soko la Mwanjelwa ni la jiji, lakini hakuna anayesema nyanya za kila meza zimethibitishwa na mkurugenzi. Vivyo hivyo facebook.com ni anwani ya Facebook, haikwambii lolote kuhusu aliyepanga pale. Peji inafunguliwa kwa dakika chache, bure, na jina lake hubadilishwa.

Basi tuichambue hiyo peji. Ingia About, kisha Page transparency, halafu See all. Ilifunguliwa 2018 kwa jina la vichekesho. Baadaye ikawa ya mikeka ya kubeti. Jina la mbolea limewekwa wiki tatu zilizopita. Kwa hiyo wale watu 38,000 walifuata vichekesho, hawakufuata mbolea, na wengi hawajui hata kama jina limebadilika.

Peji hiyo ina kitufe cha "Jisajili". Hapo ndipo unapoingia kwenye tovuti kweli, ila hutambui, kwa sababu inafunguka humohumo ndani ya Facebook na anwani inaonekana kwa maandishi madogo juu. Bonyeza vidoti vitatu, uifungue kwenye Chrome, usome anwani nzima. Mkia wake nimeubadilisha ili mtu asije akaibonyeza:

```
mbolea.go.tz.usajili-mfano.com/fomu
```

Watu wanaona go.tz wanatulia. Anwani husomwa kwa kuanzia kwenye mkwaju wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://, kurudi kushoto. Kabla ya mkwaju kuna .com, kabla yake usajili-mfano. Huyo ndiye mwenye nyumba. Hayo ya mbele, mbolea.go.tz, ni majina ya vyumba, na mwenye nyumba anaandika mlangoni chochote anachotaka. Anwani ya serikali huishia na .go.tz, kama tfra.go.tz ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Mtu wa kawaida hawezi kusajili .go.tz, ila .com yeyote hununua.

Fomu inaomba namba ya NIDA, namba ya simu, na (angalieni hili) PIN ya pesa ya simu "ili kurudishiwa ruzuku". Ukimaliza unashushiwa faili Mbolea_Ruzuku.apk. Vitu vitatu tofauti, peji, tovuti na aplikesheni, nyie mnaviita tovuti. Viongozi wa makundi, mnajua mnachosambaza?

Kijana_wa_Mafinga:
Mkuu umeandika kirefu wakati jambo ni jepesi. Angalia kikufuli. Ikiwa https ipo, tovuti ni salama. Bila kikufuli, kimbia.

FundiSimu_Kabwe:
Kaka wa Mafinga, nusu ni kweli. Kikufuli maana yake unachoandika hakisomwi njiani kati ya simu yako na ile tovuti. Hakisemi aliyeko upande wa pili ni nani. Cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt, na tapeli anakipata kama wewe. Chrome yenyewe ilikiondoa kikufuli kwenye upau wa anwani mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wanakielewa hivyohivyo.

Kwa tovuti ya .com, nenda lookup.icann.org, andika jina lile la mwisho tu, usajili-mfano.com, utafute mstari wa Created. Kama jina lina siku kumi na tangazo linadai wapo tangu 2015, umeshapata jibu.

Kubwa zaidi ni hiyo APK. Kwa Android, aplikesheni ya kawaida unaitoa Play Store. Chini ya jina lake kuna jina la aliyeitengeneza, na ukifungua About this app utaona Released on na idadi ya waliopakua. Faili la APK lililotumwa WhatsApp au kushushwa kwenye fomu halina lolote kati ya hayo. Simu yenyewe inakuonya, mpaka uende Settings kuruhusu "Install unknown apps". Ikishaingia inaomba SMS, yaani itasoma namba za siri unazotumiwa na benki. Kisha inaomba Accessibility, na hapo inaona skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Aplikesheni ya kusajili mbolea haina kazi na Accessibility.

Mama_Parachichi_Tukuyu:
Samahani wanangu, naona mnatusema sisi. Mimi nauza miche ya parachichi kwenye Instagram tu, tovuti sina na wala sijui kuitengeneza. Kwa hiyo mimi ni tapeli?

Uyole_Shambani:
Hapana mama, shikamoo. Peji siyo kosa. Kosa ni peji kujiita ofisi. Wewe mteja anaweza kuja Tukuyu akaiona miche kabla ya kulipa, na kwako uthibitisho ni huo. Hata hivyo mteja akibonyeza jina lako Instagram na kuingia About this account, ataona akaunti imefunguliwa lini na majina iliyowahi kutumia. Likiwa ni hilohilo miaka yote, inakusaidia.

Mama_Parachichi_Tukuyu:
Marahaba. Hapo nimeelewa. Ila mngesema mapema.

Njombe_Viazi:
Mimi nilishaiweka hiyo aplikesheni juzi, bado haijanila hela. Niifute tu yaishe?

FundiSimu_Kabwe:
Zima data na Wi-Fi sasa hivi. Ingia Settings, Accessibility, uizime. Kisha Apps, uiondoe. Kitufe cha Uninstall kikikataa kubonyezeka, tafuta Device admin apps, uitoe humo kwanza. Halafu badilisha PIN ukitumia laini ile kwenye simu nyingine, na uwapigie mtandao wako na benki. Kuifuta peke yake haitoshi, kwani PIN ulishaiandika kwenye fomu, siyo kwenye aplikesheni. Namba iliyokutumia tangazo itume kwenda 15040.

Kijana_wa_Mafinga:
Sawa, la kufuli nimelipokea. Lakini kuna aplikesheni ipo Play Store kabisa, ina waliopakua 100+ na jina la ruzuku. Hiyo nayo?

FundiSimu_Kabwe:
Kuwepo Play Store kunapunguza hatari, hakuiondoi. Ningeanzia kwenye tovuti: fungua ile inayoishia .go.tz kwa kuiandika mwenyewe, uone kama wao wanaielekeza aplikesheni hiyo. Kama hawaitaji, mimi nisingeiweka. Mwingine atasema pengine wamechelewa tu kuiweka kwenye tovuti, na siwezi kumbishia.

Uyole_Shambani:
Na usajili wa ruzuku unafanyika ofisi ya kijiji au mtaa, kwa afisa anayekuona kwa macho. Viongozi wa makundi ya Mbalizi na Igawa, tangazo bado lipo juu kabisa. Mnalitoa lini?