Tupeane uzoefu: Kutoka Manda au Malindi hadi ndege ya pili, mnaacha saa ngapi katikati?

Mkomani79: Asalaam aleykum. Wengi hapa Lamu wanatazama saa za ndege kwenye tiketi na kusahau kuwa kubadili jengo na kukaguliwa upya kunakula muda. Mnaojua, wekeni hesabu hapa, hasa Manda–Nairobi–ng'ambo.

Tiketi_za_Ukutani: Waaleykum salaam. Swali la kwanza: ndege yako ya Manda inatua Wilson au JKIA? Hivyo ni viwanja viwili tofauti, na baina yao ni barabara ya Nairobi.

Chukua mfano. Ndege ya ng'ambo inaondoka JKIA saa kumi na nusu jioni. Kaunta za safari za nje hufungwa kama dakika 60 kabla, yaani saa tisa na nusu, na wewe uwe umekwisha kukabidhi mzigo, si kwamba ndiyo kwanza unashuka kwenye teksi. Rudi nyuma sasa. Foleni ya kaunta ipe nusu saa. Eksirei ya mlangoni, robo saa. Kabla ya hapo kuna kituo cha barabarani ambapo abiria hushuka, hukaguliwa kwa miguu, kisha gari huwachukua upande wa pili. Robo saa nyingine. Umefika saa nane na nusu. Barabara kutoka Wilson ikiwa tupu ni nusu saa, ikifunga ni saa moja na nusu, kwa hiyo hesabu ile ndefu: uondoke Wilson saa saba. Ongeza nusu saa ya kungoja mzigo, na ndege ya Manda iwe imetua saa sita na nusu. Hizo ni saa nne, na hatujaweka ndege kuchelewa. Mimi humwambia mteja tano.

Shela_Kwetu: Mbona mnatisha watu? Mzigo ukifungwa kibandiko cha mwisho wa safari, ushamaliza. Hukaguliwi tena mpaka ufike.

Tiketi_za_Ukutani: Bi Shela, umepata nusu. Begi la chini huenda lenyewe, kweli, kama tiketi ni moja. Lakini wewe na begi la mkononi hukaguliwa. Ukitoka Nairobi ukaunganisha Dubai au Amsterdam, hupita eksirei tena hata kama hutoki nje ya jengo, na kwa Amsterdam sababu ni kwamba Ulaya inakubali ukaguzi wa nchi chache tu, na Kenya haimo. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ndiyo balaa: huenda ukatakiwa kuchukua begi na kuanza kaunta upya, na ukikosa ndege ya pili hakuna unayeweza kumdai chochote.

Baharia_Malindi: Sisi wa Malindi tuna afadhali kidogo ndege ikitua JKIA. Unashukia jengo la 1D, unatoka nje, unatembea hadi la 1A ikiwa ndege yako ni ya huko. Lakini mlango wa 1A una mashine yake, halafu uhamiaji, halafu mashine nyingine kabla ya geti. Watu wanavua mkanda na viatu mara mbili kisha wanashangaa saa imekwenda wapi.

Mama_Halua: Je, kibali cha transiti Nairobi ni shilingi ngapi? Mjomba anatoka Omani.

Mkomani79: Mama, hilo si la uzi huu, fungua wako.

Mama_Halua: Haya. Basi niulize langu: achari ya maembe na asali vinapita?

Tiketi_za_Ukutani: Achari ina mafuta, wakaguzi wanaihesabu kioevu kama asali. Chupa moja isizidi mililita 100 kwenye begi la mkononi. Inaangaliwa ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Chupa ya 250 iliyo nusu hutupwa. Vitie begi la chini, uvifunge vizuri. Halua kavu haina shida kubwa, ila bonge zito huweza kufunguliwa wakaguzi waone. Betri ya kuchajia simu ni kinyume chake: iwe mkononi, isiende chini. Mtu mwenye chupa tano huchukua dakika ishirini pale mezani, na wa nyuma yake wanamsubiri.

Shela_Kwetu: Na manukato ya dukani baada ya uhamiaji?

Tiketi_za_Ukutani: Mwambie muuzaji aweke kwenye ule mfuko unaotiwa muhuri, risiti ndani. Usiufungue mpaka mwisho wa safari.

Baharia_Malindi: Hapo nina shaka. Mfuko una muhuri na bado pengine hunyang'anywa.

Tiketi_za_Ukutani: Muhuri ukiwa umekatika, ndiyo. Ukiwa mzima, inategemea mkaguzi wa huko, siwezi kukuhakikishia.

Baharia_Malindi: Jingine: wanaopanda flydubai Mombasa watazame namba ya terminali. Hutumia ya 2 na ya 3 pale Dubai, na kati yake ni basi la abiria wa transiti. Ukingoja basi, ukapanda, ukakaguliwa, dakika 90 zinabana. Wengine wanasema zinatosha.

Shela_Kwetu: Bibi wa kiti cha magurudumu je? Anapitishwa foleni yake au ya wote?

Mkomani79: Hilo nami nalitaka. Aliyewahi kumpeleka mtu, aseme.