Nimechoka na tarehe za "03/09" katika barua pepe za kazi

Mtunza ghala, Bukavu
Mwishoni mwa Februari 2024 tuliletewa barua pepe yenye mada "Kupokea mbegu 03/09". Sisi huku tumezoea kutanguliza siku, kwa hiyo ofisi nzima ilisoma tarehe 3 Septemba. Kumbe kompyuta ya mwuzaji hutanguliza mwezi, naye alikusudia tarehe 9 Machi. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba katibu wetu, alipoisambaza, aliandika "tarehe tatu mwezi wa tisa" bila kufungua kiambatisho kilichosema wazi "Jumamosi, 9 Machi". Lori lilifika ghala likiwa limefungwa, mimi nikiwa harusini, na magunia yakanyeshewa. Leo naambiwa kwamba ni mimi nisiyejua kusoma!

Mwalimu mstaafu, Goma
Pole sana, ndugu. Hata hivyo, "mwezi wa tisa" si Kiswahili sanifu, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Mhariri, Lubumbashi
Mwalimu, shikamoo, lakini sikubali. "Mwezi wa tisa" ni Kiswahili safi, na hata Dar es Salaam wanausema. Kosa lilikuwamo tayari katika tarakimu: 13/09 haina utata kwa sababu hakuna mwezi wa 13, bali 03/09 husomeka pande zote mbili na haionyeshi dalili yoyote. Mada ingeandikwa "Kupokea mbegu: Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024", yeyote aliyesoma Septemba angeshtuka, kwa maana tarehe 3 Septemba mwaka huo ilikuwa Jumanne. Tena mkichagua "Machi", kwa herufi kubwa, ibaki hivyo kwenye mada na ndani ya barua, isiwe "mars" hapa na "mwezi wa tatu" pale. Kwenye jina la faili tu ndipo ningeweka 2024-03-09, ili mafaili yajipange yenyewe.

Mama wa mapokezi, Goma
Mimi yangu ni ile "TR" ambayo programu huiweka yenyewe mtu anaposambaza barua. Niliifuta, nikaandika "YAH" na kubadilisha mada yote, na tangu siku hiyo majibu yanafika yametengana na barua ya kwanza. Je, nilikosea?

Mhariri, Lubumbashi
Mama, "TR" iache ilivyo. Mada ikibadilika, Gmail huanzisha mazungumzo mapya.

Mtunza ghala, Bukavu
Nimempelekea katibu shauri la kutaja siku, naye amelikataa. Anasema nyumbani Jumanne tunaiita "siku ya pili", na mtu wa pwani akisikia hivyo atafikiri Jumapili. Nimemjibu kwamba hakuna aliyemwambia aandike "siku ya pili", lakini mkubwa wetu bado hajaamua. Na asubuhi hii imeingia nyingine: "Kikao 04/05".