Mjadala: Benki inakopesha amana zetu au inatunga pesa mpya?

Mdadisi_Mkuu: Wakuu, nikikopa milioni 10 benki, nimepewa pesa za wateja wengine au benki imezitunga tu? Na kama imezitunga, mbona mimi nikichapa noti chumbani nafungwa?

Sauti_Kali: Zinatungwa hewani, ndugu. Unaweka 100, benki inabakisha 10 na kukopesha 90. Hizo 90 zinaishia benki nyingine, nayo inabakisha 9 na kukopesha 81. Twende hivyo hivyo mpaka 100 yako imezaa 1,000. Wizi mtupu uliovaa tai. Na usihangaike kumuuliza keshia wa dirishani, yule anahesabu noti kama mashine, hajui lolote.

Keshia_Mstaafu: Swali la mtoa mada litasubiri kidogo. Eti kama mashine? Jioni hesabu ya droo isipolingana na mfumo, hatoki mtu. Ikipungua, pengo linaandikwa kwa jina lako na linakatwa kwenye mshahara. Wewe umewahi kufunga hesabu ya siku hata moja?

Sauti_Kali: Sijamtaja mtu. Aliyeumia ajikune.

Leja_Mbili: Jamani, tumwache keshia. Sauti_Kali, hiyo hesabu ya 100 kuwa 1,000 wanafunzi hufundishwa, ila inamfanya mtu aamini kwamba amana hutangulia na mkopo hufuata. Chukua hiyo milioni 10 ya mtoa mada. Siku mkopo unapopitishwa, hakuna anayefungua kasha wala kugusa akaunti ya mteja mwingine. Zinaingizwa namba mbili kwa mpigo. Upande wa mali za benki unaandikwa mkopo wa milioni 10, maana mtoa mada anadaiwa. Upande wa madeni unaandikwa salio la milioni 10 kwenye akaunti yake, maana sasa benki nayo inadaiwa na yeye. Masalio ya wateja wengine hayajapungua hata senti, lakini ukijumlisha masalio yote yameongezeka milioni 10. Hiyo ndiyo pesa mpya. Benki Kuu ya Uingereza ililieleza hili bila kificho mwaka 2014 katika jarida lake la robo mwaka.

Sauti_Kali: Kwa hiyo hewani. Umesema nilichosema, umeongeza adabu tu.

Leja_Mbili: Subiri, mtoa mada hakukopa ili akae anatazama salio. Ananunua gari, na muuzaji ana akaunti benki nyingine. Ile benki nyingine haipokei ahadi ya benki yako, inataka ilipwe kwa akiba iliyowekwa Benki Kuu. Tuseme benki yako ina milioni 6 pale. Zinatakiwa 10. Basi lazima itafute 4, aidha ikope kwa benki wenzake, mara nyingi kwa usiku mmoja na kwa riba, au ivutie wateja wapya waje na amana zao. Ndiyo maana wanapigania amana zako. Hawazihitaji ili kuandika mkopo, wanazihitaji pesa zinapoanza kutoka mlangoni. Sasa angalia hili: benki zote zikikopesha kwa kasi moja, kila moja inapoteza huku na kupokea kule, na hicho kizuizi kinalegea kwa wote. Inayokimbia peke yake ndiyo inayoumbuka.

Mnyimwa_Mkopo: Basi nielezeni la kwangu. Dhamana nilikuwa nayo, barua ya mwajiri nilikuwa nayo. Meneja akasema "kwa sasa tumesimamisha mikopo mipya". Na siku hiyo foleni ya wanaoweka pesa ilifika mlangoni! Kama wanatunga, kwangu ilishindikana nini? Au ni jina langu?

Sauti_Kali: Hukutoa chai.

Keshia_Mstaafu: Wewe nani kakwambia kila kitu ni chai? Mnyimwa, nikueleze niliyoyaona. Foleni ya kuweka pesa haiongezi ruhusa ya kukopesha. Tulishawahi kujaza kasha mpaka gari la fedha likaitwa mara mbili, na wiki hiyo hiyo idara ya mikopo imefungiwa na makao makuu. Sisi huku chini tuliambiwa "mtaji", basi.

Leja_Mbili: Na ndiyo yenyewe. Benki yenye mikopo ya 100, na mtaji wa wenye hisa 10. Mikopo ya 4 inageuka chechefu, wakopaji hawalipi tena, na hakuna dhamana ya kuuza. Masalio ya wateja hayakatwi, hasara inakula mtaji, unabaki 6 juu ya mikopo 96. Kama msimamizi anataka mtaji usishuke chini ya 8 kwa kila 100 ya mikopo ya aina hiyo, benki hii haiwezi kuongeza hata mkopo mmoja mpaka wenye hisa waongeze mtaji, au faida ibakizwe, au mikopo ya zamani ilipwe. Inaweza kuwa imejaa noti mpaka darini na bado ikakunyima. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako, lakini kauli ya "tumesimamisha" inanukia hivyo.

Mnyimwa_Mkopo: Kwa hiyo nimelipia wasiolipa.

Sauti_Kali: Mnazunguka. Sheria ya kubakisha asilimia 10 ipo au haipo?

Leja_Mbili: Inategemea nchi. Marekani waliishusha hadi sifuri Machi 2020. Kanada na Uingereza hawana. Kwa hesabu yako, 100 ingezaa pesa zisizo na mwisho kule. Mbona hazijazaa?

Sauti_Kali: Wana njia zao.

Mdadisi_Mkuu: Naomba nirudi kwenye kufungwa kwangu. Na nikimaliza kulipa, ile milioni 10 inakwenda wapi?

Leja_Mbili: Inafutika. Salio lako linashuka, deni lako linashuka, namba zote mbili zinaondoka kama zilivyokuja. Faida ya benki ni riba. Kuhusu kufungwa, noti ya chumbani inajifanya deni la Benki Kuu wakati siyo. Karatasi ya "nitakulipa" yenye jina lako unaruhusiwa kuandika, shida ni kumpata wa kuipokea.

Hoja_Pembeni: Hapa ndipo dawa ilipo: benki zizuiwe kutunga, Benki Kuu pekee itoe pesa. Uswisi walilipigia kura Juni 2018.

Leja_Mbili: Na takriban robo tatu ya waliopiga kura wakakataa.

Hoja_Pembeni: Wingi wa kura si ushahidi. Nijibu hili: benki imetunga milioni 10, lakini inadai 10 na riba juu. Riba ilitungwa na nani?

Leja_Mbili: Riba ni mapato ya benki. Inalipa mishahara, kodi ya jengo na gawio, pesa zinarudi mtaani na mkopaji anazipata tena kwa kuuza kazi yake. Pesa ile ile inaweza kulipa zaidi ya mara moja.

Hoja_Pembeni: Inaweza, ikirudi. Wenye hisa wakizilaza je?

Leja_Mbili: Wakizilaza, wakopaji wanabanwa mpaka mwingine akope. Hilo sikatai. Ila sioni kwamba linalazimu deni likue milele.

Hoja_Pembeni: Mimi naona linalazimu.

Keshia_Mstaafu: Endeleeni na riba yenu. Sauti_Kali, bado nasubiri ufute ile ya mashine.

Sauti_Kali: Mashine haikatwi mshahara, mama. Hiyo naifuta.